Jinsi ya kukagua hospitali iliyokwama ujenzi: kazi iliyofanyika, ubora wake na gharama ya kuimalizia

Jengo la hospitali linaposimama katikati, kila aliyehusika huwa na asilimia yake. Mhasibu wa halmashauri atasema mradi umefikia 57% kwa sababu hicho ndicho kiasi cha fedha kilichotoka. Mshauri elekezi atasema 60% kwa sababu hati zake za malipo zinajumlisha hivyo, na diwani wa kata atasema nusu kwa kuangalia kuta. Kazi ya mkaguzi wa kiufundi ni kutoa tarakimu moja inayotokana na futi kamba, maabara na bei za leo, kisha kueleza kwa nini zile nyingine zinatofautiana nayo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyoifanya kazi hiyo nikiwa mkadiriaji majenzi, kwa kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: jengo la ghorofa moja la wodi ya wazazi na vyumba vya upasuaji katika hospitali ya wilaya, Tanzania Bara, lililosimama kwa miezi 26. Tarakimu za mfano nimezipanga upya ili mradi usitambulike, na zote ni kabla ya VAT hadi nitakaposema vinginevyo.

Kabla ya kwenda eneo la ujenzi

Anza na hadidu za rejea. Ukaguzi unaofanywa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali una nguvu yake chini ya Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, lakini mara nyingi ni mwajiri mwenyewe anayeunda timu, na hapo barua ya uteuzi lazima iseme kwamba mnaruhusiwa kukata sampuli kwenye zege na kuchimba pembeni ya msingi. Bila ruhusa hiyo ya maandishi mtabaki kupiga picha tu. Timu iwe na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi yake, na mtu wa mifumo ya umeme na mabomba. Hospitali ina mabomba mengi kuliko shule, na mengi yao yamezikwa ndani ya slabu.

Kisha weka tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo hali ya mradi inahesabiwa. Kwa mradi uliosimama hili linaonekana jambo dogo, hadi mkandarasi anaporudi usiku na kuchukua nondo zake wiki mbili baada ya ninyi kupima.

Nyaraka za lazima ni mkataba na jedwali lake la kazi na bei, michoro iliyotumika kujenga pamoja na mabadiliko yake, hati zote za malipo na karatasi za vipimo zilizoambatana nazo, kitabu cha maagizo, shajara ya kila siku na matokeo ya maabara. Karatasi za vipimo ndizo zinazokosekana mara nyingi kuliko nyingine zote. Ukikuta hati ya malipo inasema "zege la slabu 80%" bila karatasi inayoonyesha urefu, upana na unene, jua kwamba asilimia hiyo ilikadiriwa kwa macho, na uiandike hivyo katika ripoti.

Katika mradi wa mfano, mkataba ulikuwa wa Sh bilioni 4. Hati saba za malipo zilionyesha kazi ya Sh milioni 2,200 na vifaa vilivyopo eneo la ujenzi vya Sh milioni 180, jumla Sh milioni 2,380. Baada ya kuongeza malipo ya awali ambayo yalikuwa bado hayajarejeshwa yote, na kutoa fedha inayozuiwa hadi kasoro zirekebishwe, mkandarasi alikuwa amelipwa taslimu Sh milioni 2,290. Hati ya saba, yenye Sh milioni 160, haikulipwa, na hiyo ndiyo sababu aliyoitoa ya kuondoa mafundi wake.

Kupima kazi iliyofanyika

Vipimo vifanywe kwa pamoja. Mkandarasi na mshauri elekezi waandikiwe barua yenye siku na saa, na kila karatasi ya vipimo isainiwe jioni ileile kabla watu hawajapanda magari. Mkandarasi asipotokea, endeleeni mkiwa na nakala ya barua iliyopokelewa. Akitokea akakataa kusaini, mwacheni aandike sababu yake kwenye karatasi hiyohiyo, kwa kuwa pingamizi lililoandikwa siku ya kupima lina uzito kuliko lile la miezi mitatu baadaye.

Pimeni kwa mpangilio wa jedwali la kazi na bei, kipengele kwa kipengele, mkitumia bei za mkataba. Msipime kwa "hatua" kama msingi, kuta na paa, kwa sababu hatua huficha. Kila kipimo kiwe na anwani yake kwenye mchoro, mfano nguzo iliyoko mstari wa C na wa 4, na kila picha ibebe anwani hiyo. Nimewahi kupokea ripoti yenye picha 300 za nguzo ambazo hakuna aliyeweza kusema ni za upande gani wa jengo.

Kwenye mradi wetu vipimo vilitoa kazi ya Sh milioni 1,910 badala ya 2,200. Tofauti ya Sh milioni 290 ilitoka sehemu tatu, na kila moja ina njia yake ya kugundulika.

Ya kwanza ni paa, Sh milioni 140. Hati ya sita ilililipia kama lililokamilika, ilhali hakuna kenchi hata moja iliyopandishwa. Hili halihitaji utaalamu, linahitaji mtu aliyesimama juu ya slabu na kutazama juu.

Ya pili ni uchimbaji wa msingi, Sh milioni 45, uliolipwa kama uchimbaji wa mwamba. Msingi umeshafukiwa, kwa hiyo inaonekana hakuna cha kupima. Lakini mwamba hauondoki kimya. Tulichimba mashimo manne pembeni ya jengo hadi chini ya kina cha msingi, na yote yalikuwa na udongo mwekundu unaokatika kwa sururu. Tukatafuta pia mahali ulipotupwa udongo uliochimbwa, tukakuta kilima chenye majani kisicho na jiwe la maana, na shajara ya siku zile haikutaja mashine ya kuvunjia mawe wala baruti. Ushahidi wa namna hii unatosha kubadili bei kutoka mwamba kwenda udongo wa kawaida, mradi ripoti iseme wazi kwamba mashimo yalikuwa manne na yalikuwa wapi.

Ya tatu ni gharama za jumla za kuendesha kazi, kama ofisi, ulinzi, bima na usafiri wa msimamizi, Sh milioni 105 zaidi ya stahili. Zilikuwa zikilipwa kwa mwezi bila kujali kazi inasogea au la. Hapa soma mkataba kwanza. Kama unaruhusu kulipa kwa muda, msilaumu mtu. Ule wa mfano ulisema zilipwe kwa uwiano wa kazi, na ndiyo maana tulizikata.

Vifaa vilihesabiwa kivyake. Kati ya Sh milioni 180 zilizolipiwa, vilivyokutwa na vinavyofaa vilikuwa vya Sh milioni 35. Saruji ilikuwepo, lakini ilikuwa imeganda ndani ya mifuko kiasi cha kutoa mlio wa tofali ukiigonga, nayo haihesabiwi. Nondo na vigae vingi havikuwepo kabisa.

Kujua ubora, si kuukisia

Ubora wa jengo lililosimama una maswali mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kama kazi ilifanywa vizuri siku ilipofanywa. La pili ni mvua na jua vimeifanya nini tangu hapo. Yatengeni, kwa sababu la kwanza ni la mkandarasi na msimamizi, na la pili linaweza kuwa la mwajiri aliyeacha kulipa.

Anzeni kwenye faili la maabara. Andaa orodha ya kila siku zege lilipomwagwa kwa mujibu wa shajara, kisha weka mbele yake matokeo ya vipande vya zege vilivyopondwa siku ya 28. Mapengo yatajionyesha. Kwetu, nguzo 12 za ghorofani upande wa mashariki zilikuwa na matokeo mazuri, lakini tarehe ya kupondwa ilikuwa siku tano tu baada ya tarehe ya kumwaga, na cheti kilisema siku 28. Tulipokwenda maabara yenyewe na kuomba kuona rejista, namba ya cheti kile ilikuwa ya sampuli za udongo wa barabara.

Hatua inayofuata ni nyundo ya Schmidt, inayopiga uso wa zege na kusoma jinsi inavyoruka. Ina matumizi mazuri na hatari moja. Inafaa kuonyesha wapi zege ni dhaifu kuliko pengine, ili mjue pa kukata sampuli. Haifai kutoa nguvu ya zege peke yake, hasa kwenye jengo lililokaa wazi miaka miwili, kwa sababu hewa ya kaboni hugeuza uso wa zege kuwa mgumu na nyundo husoma juu kuliko ukweli. Msimamizi anayetaka kujitetea atakuja na nyundo, na atakuwa na vipimo vya kupendeza.

Jibu linatoka kwenye sampuli za silinda zinazokatwa kwa mashine. Tafuteni nondo kwanza kwa kifaa cha kuzitambua, kisha kateni katikati ya urefu wa nguzo, kwa kuwa kichwa cha nguzo huwa dhaifu kutokana na maji yanayopanda wakati wa kumwaga. Sampuli yenye kipenyo cha milimita 100 na urefu wa milimita 100 inalinganishwa na nguvu ya mchemraba wa zege unaopondwa maabara. Kigezo kinachotumiwa sana ni kwamba wastani wa sampuli tatu usipungue 85% ya nguvu inayotakiwa na mchoro, na hakuna hata moja iliyo chini ya 75%. Mchoro wetu ulitaka 25 kwa kipimo cha niutoni kwa milimita ya mraba, kwa hiyo wastani ulipaswa kufika 21.25. Nguzo za mashariki zilitoa 14.1, 15.8 na 13.6, wastani 14.5, ambao ni 58%. Za magharibi zilipita. Matundu yakazibwa siku ileile kwa mchanganyiko wa saruji usiosinyaa.

Mhandisi wa miundo ndiye anayesema kinachofuata. Zege lililoshindwa kigezo si lazima libomolewe. Anaweza kukokotoa upya mzigo halisi, au kuizungushia nguzo zege jipya. Kwa 58%, huku nguzo zikiwa hazijabeba mzigo wa paa, kubomoa kulikuwa rahisi kuliko kuimarisha. Nguzo hizo na kuta zilizoegemea juu yake zilikuwa na thamani ya Sh milioni 60, ambazo zilitolewa kwenye kazi inayokubalika.

Baada ya hapo zikaja nondo zilizobaki zimechomoza juu ya slabu zikisubiri nguzo za hatua inayofuata. Kutu ya rangi ya kahawia iliyoshikamana na chuma haina neno, tena hulifanya zege lishike. Shida ni ile inayobanduka kwa magamba. Tulikata vipande vya nusu mita kwa idhini ya mhandisi, tukavisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, tukavipima kwenye mizani. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, ni:

```
d x d / 162
```

ambapo d ni kipenyo kwa milimita. Nondo ya 16 inatakiwa kuwa na kilo 1.58 kwa mita, yaani 0.79 kwa nusu mita. Yetu ilikuwa 0.71, upungufu wa 10%, wakati uvumilivu wa kiwandani ni 4.5% tu. Kuleni kiapo cha kuangalia pale nondo inapoingia kwenye zege, kwa maana maji hutuama hapo na chuma hulika kuliko juu. Suluhisho lilikuwa kusafisha, na kuchimbia nondo mpya kwa gundi maalumu pale zilipozidi kulika.

Mwisho ni mambo ya hospitali yenyewe, ambayo mkaguzi wa majengo ya kawaida huyaruka. Mabomba ya maji taka yaliyozikwa yajazwe maji na kuachwa kwa saa kadhaa ili kuona kama yanashuka. Kwetu mawili yalikuwa yameziba kwa saruji. Milango ya upasuaji ilikuwa imejengwa na nafasi ya mita moja, na kitanda cha mgonjwa hakipiti hapo kwa amani. Chumba cha eksirei kilijengwa kwa tofali zenye matundu ilhali mchoro ulitaka kuta nzima, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania haiwezi kukipa kibali chumba kisichozuia mionzi.

Kulinganisha kazi na fedha

Sasa hesabu inakuwa fupi. Kazi iliyopimwa ni Sh milioni 1,910. Ukitoa 60 zenye kasoro, inabaki 1,850, yaani 46.25% ya mkataba. Hiyo ndiyo asilimia ya mradi. Ukiongeza vifaa vya 35 unapata 1,885, na mkandarasi amelipwa 2,290. Amezidishiwa Sh milioni 405, na sehemu yake ni malipo ya awali yasiyorejeshwa. Kwa hiyo hati ya saba haikupaswa kulipwa kama ilivyo.

Msiishie hapo, maana kuna upande wake pia. Kama hati za nyuma zilicheleweshwa kulipwa, mkataba unaweza kumpa riba na muda wa nyongeza. Hesabuni na hiyo, muiweke kwenye mstari wake. Ripoti inayoonyesha deni la upande mmoja husambaratika siku ya kwanza mbele ya msuluhishi.

Dhamana ya malipo ya awali iangaliwe tarehe yake siku hiyohiyo mnapopata nakala. Ikiwa imebaki wiki tatu kuisha, mwajiri aambiwe kwa barua bila kusubiri ripoti.

Gharama ya kumalizia

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchukua bei ya mkataba na kutoa kilicholipwa: 4,000 kutoa 2,290, zinabaki Sh milioni 1,710, basi tuombe hizo. Fedha hizo zisingefikisha jengo lile kwenye vigae.

Njia sahihi huanza na kazi iliyobaki, si fedha iliyobaki. Kazi iliyobaki kwa bei za mkataba ni 4,000 kutoa 1,850, yaani 2,150, na kwa kuwa vifaa vya 35 vitatumika, ni 2,115. Hizo ni bei za siku ya zabuni. Msizipandishe kwa asilimia moja ya jumla, kwa sababu nondo, saruji, vigae na nyaya hazipandi pamoja. Chukueni vipengele vyenye thamani kubwa, ambavyo kwa kawaida ni vichache na hubeba sehemu kubwa ya fedha, mvitafutie bei ya sasa kwa wauzaji watatu wa mkoa uleule pamoja na usafiri, na vidogo vilivyobaki mvirekebishe kwa kulinganisha. Kwetu ilitoka 2,620.

Juu yake ongezeni kazi za kurekebisha: kubomoa nguzo, kushughulikia nondo, kuzibua mabomba na kupanua milango, Sh milioni 60. Kujenga upya nguzo hakuingii hapa, kwa kuwa kumeshahesabiwa ndani ya kazi iliyobaki. Kuweka mara mbili ni kosa rahisi sana kufanya, na mkaguzi anayepitia kazi yenu atalitafuta hilo kwanza.

Kisha ongezeni vitu ambavyo jengo haliwezi kufunguliwa bila hivyo lakini havikuwemo kwenye mkataba wa kwanza. Tulikuta hakuna mabomba ya oksijeni, hakuna kinga ya mionzi mbali na kuta za mchoro na hakuna tangi la maji ya zimamoto, jumla Sh milioni 240. Hizi ziwe na kichwa chake, ili mkandarasi wa kwanza asibebeshwe upungufu wa mbunifu. Mkandarasi mpya naye atahitaji kuhamia, kusafisha eneo na kukubali kuwajibika kwa muundo ambao hakuujenga, na kwa hilo hutoza gharama. Tuliweka 150.

Jumla ni Sh milioni 3,070. Dharura ya 5% ni 153.5, na jengo linalofunguliwa upya halistahili chini ya hapo. Inafika 3,223.5, na VAT ya 18% inaifikisha kama Sh milioni 3,804, isipokuwa mradi una msamaha. Ukiweka tarakimu hiyo kando ya ile ya 1,710, unaelewa kwa nini miradi hii hukwama mara ya pili.

Kuandika

Ukurasa wa kwanza ubebe tarakimu nne tu: kilicholipwa, kazi inayokubalika, fedha iliyozidi au iliyopungua, na gharama ya kumalizia, kila moja ikiwa na namba ya kiambatisho inapotoka. Semeni pia msichokiona. Sisi tuliandika kwamba, mbali na yale mashimo manne ya udongo, misingi yenyewe ilifunguliwa sehemu mbili kati ya 34 na kwamba maoni kuhusu iliyobaki yanategemea hizo.

Rasimu ipelekwe kwa mkandarasi na mshauri elekezi kwa siku 14, na majibu yao yaingie kwenye jedwali neno kwa neno, mkiandika mbele yake mlichobadilisha na mlichokataa. Mkandarasi wetu alileta stakabadhi za mkodisho wa mashine ya kuvunjia mawe. Tulipozikagua, tarehe zilikuwa za mwezi mmoja baada ya msingi kufukiwa, na tukaziambatisha kama zilivyo.

Andikeni tarehe ya bei kando ya gharama ya kumalizia, na kwamba baada ya miezi sita bei zipitiwe upya. Kama fedha haipo msimu huu, pendekezeni kazi ndogo za ulinzi: nondo zilizochomoza zipakwe uji wa saruji na kufungwa nailoni, matundu ya slabu yafunikwe, maji yafunguliwe njia yasituame ghorofani. Kwa jengo la ukubwa ule ni kazi ya fundi mmoja na vibarua wanne kwa wiki mbili, na inapaswa kumalizika kabla ya mvua za masika.